Arifa Zilipopungua, Malalamiko Yalikwenda Wapi?

Kampuni iliyomo katika kisa hiki husafirisha vifurushi kwa mabasi kutoka Dar es Salaam kwenda mikoani. Nimeiunga kwa vipande vya mambo yanayotokea katika kazi hii, kwa hiyo asitafutwe mtu wala ofisi. Tuiite Jahazi. Nimechagua jina hilo kwa makusudi, kwa sababu kampuni nyingi za kwetu hujipa majina ya maneno ya kila siku, na taabu ya kufuatilia jina la namna hiyo mtandaoni huanzia hapo hapo.

Jahazi walinunua mfumo wa kufuatilia mitandao. Kazi yake ni rahisi kuieleza: unauandikia kanuni ya maneno, nao unapekua posti na komenti za hadhara, kila inapolingana na kanuni unakuletea arifa. Kijana wa masoko aliyekabidhiwa mfumo aliandika kanuni ambayo kila mtu angeiandika siku ya kwanza, yaani neno moja tu, `jahazi`. Kufika jioni alikuwa na arifa zaidi ya mia sita. Mashabiki wa Jahazi Modern Taarab walikuwa wakibishana kuhusu wimbo gani bora. Kulikuwa na picha za mashindano ya majahazi ya Lamu, habari ya chombo kilichopata dhoruba karibu na Pemba, na wanasiasa wasiohesabika ambao jahazi la chama chao, au la wenzao, lilikuwa linazama au limepata nahodha mpya. Kati ya hizo zote, zilizohusu vifurushi zilihesabika kwa vidole, na nyingi katika hizo hazikuwa na lalamiko lolote.

Wiki mbili baadaye hakuna aliyezisoma tena. Simu ya dada wa dawati la wateja ilikuwa ikitetemeka mpaka akaizima sauti, na meneja akasema wazi kwamba pesa ya mfumo imepotea. Hapo ndipo kijana alipoingia kazini kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo iliyoleta msiba.

Alifanya alichofundishwa kwenye video za mafunzo. Kila alipokutana na kelele alitafuta neno linaloitambulisha, akaliweka kwenye orodha ya kutupwa. Taarab ikatupwa. Kwa kuwa taarab hupigwa harusini na kumbini, harusi na ukumbi navyo vikatupwa. Lamu, Pemba, bahari, kuzama, nahodha, chama na kura vikafuata. Kanuni ikawa hivi:

```
jahazi AND lang:sw
NOT (taarab OR harusi OR ukumbi OR lamu OR pemba
     OR bahari OR kuzama OR nahodha OR chama OR kura)
```

Juu ya hiyo aliongeza vichujio vitatu kwenye mipangilio. Arifa ije tu ikiwa mwandishi ana wafuasi wasiopungua mia mbili, ikiwa mfumo umeibandika posti alama ya hisia hasi, na ikiwa ndani yake mna neno mojawapo la orodha ya ofisi: malalamiko, huduma mbovu, wezi, matapeli, kero. Arifa zikashuka kutoka mia sita kwa siku hadi kumi na kitu. Kwenye kikao cha mwezi alionyesha mchoro wenye mstari unaoteremka, akapigiwa makofi. Meneja aliusoma mstari ule kama ushahidi kwamba wateja wametulia. Hakuna aliyeuliza ni nini kilichoshuka, kelele peke yake au na vilio pamoja nazo, na mchoro wenyewe haungeweza kuwajibu.

Alhamisi moja jioni, mwanamke wa Mwanza aliandika hivi kwa mkono wa haraka:

"Jamani Jahazi, naulizia mzigo wangu wa vitenge vya harusi. Mama katuma J4 pale Shekilango kuja Mwanza, leo Alhamisi bado aujafika. Namba ya kwenye risiti ampokei. Asanteni."

Vitenge hivyo vilikuwa vimenunuliwa Kariakoo, Mtaa wa Kongo, sare ya ndugu arobaini wa upande wa bibi harusi. Harusi ilikuwa Jumamosi, na fundi alikuwa amekaa na cherehani yake akisubiri. Mzigo haukuwa umeibiwa wala kupotea. Ulishushwa Nzega kwa makosa, ukawekwa stoo, na kutoka Nzega hadi Mwanza ni mwendo wa nusu siku kwa basi. Mtu mmoja angeusoma ujumbe ule Alhamisi usiku, akapiga simu tatu, Ijumaa mchana vitenge vingekuwa mikononi mwa fundi.

Ujumbe haukufika kwa mtu yeyote. Jumamosi ndugu walivaa walichokuwa nacho. Jumapili yule mwanamke aliandika tena, safari hii bila "jamani" wala "asanteni", akaweka picha ya risiti na picha ya bibi harusi amezungukwa na watu wa rangi kumi na mbili. Hiyo ilisambaa. Jumatatu asubuhi mwenye kampuni aliipata kama skrinishoti kutoka kwa shemeji yake.

"Mdogo wangu," dada wa dawati alimwambia kijana, "ule ujumbe wa kwanza wa Alhamisi, huko kwenye mfumo wako haukuuona?"

"Dada, haukuingia."

"Haukuingia kwa nini?"

Swali hilo lina jibu, nalo ni refu kuliko kijana alivyodhani, kwa sababu ujumbe ulizuiwa mara tano na kila kizuizi kingetosha peke yake.

Cha kwanza ni neno harusi. Kijana alilitupa kwa sababu ya taarab, lakini watu hawatumi mizigo bila sababu. Wanatuma kwa ajili ya harusi, msiba, kipaimara, kufungua shule. Maneno ya shughuli za watu ndiyo hasa yanayozunguka lalamiko la msafirishaji, maana mteja akitaka uelewe uzito wa shida yake atakuambia mzigo ulikuwa wa nini. Kutupa neno moja moja ni hatari kwa sababu hiyo. Kinachotupwa salama ni fungu la maneno ambalo mteja hawezi kulitamka kwa bahati mbaya, kama `"jahazi modern taarab"` ndani ya alama za kunukuu, au `"jahazi la chama"`. Haya yangeondoa sehemu kubwa ya kelele ile bila kumgusa mwanamke wa Mwanza.

Cha pili ni lugha. Kichujio cha `lang:sw` hutegemea mashine ikisie lugha ya posti, na Kiswahili kifupi chenye J4, majina ya mitaa na tahajia ya simu huikanganya sana. Si ajabu kuona posti ya Kiswahili safi imebandikwa Kiindonesia, au imeachwa bila lugha yoyote. Kwa kanuni inayowinda malalamiko ya wateja wa Tanzania kichujio hicho hakina faida ya kutosha, kwa kuwa maneno yenyewe ya Kiswahili yameshachuja lugha.

Cha tatu ni wafuasi. Mwanamke yule alikuwa na wafuasi sitini na kitu. Kichujio cha wafuasi kimetengenezwa kwa ajili ya watu wa matangazo, wanaotaka kujua nani mwenye sauti kubwa amewataja. Anayetafuta mzigo uliopotea hana haja ya sauti kubwa. Zaidi ya hapo, akaunti zenye wafuasi wachache ndizo mara nyingi za wateja wa kweli, kwa kuwa zenye maelfu nyingi ni za biashara na za burudani.

Cha nne ni hisia. Ujumbe ule una "asanteni", kwa hiyo mashine iliuona wa kheri. Sisi hulalamika kwa adabu. Tunaanza na salamu, tunauliza badala ya kushutumu, tunamaliza kwa shukrani, na mtu akishakasirika kweli hugeuka kwenye kejeli: "Hongereni Jahazi, mzigo wa siku moja umefika baada ya wiki." Alama ya hisia inaweza kumsaidia mtu kupanga foleni ya kusoma, ila ikiwekwa mlangoni kuamua nani aingie, itawafukuza wenye adabu na kuwaingiza wenye matusi.

Cha tano ndicho cha msingi, na ndicho ningeanza nacho kama ningekuwa namfundisha kijana yule: orodha ya maneno ya ofisi. Hakuna hata neno moja la orodha ile ndani ya ujumbe. Malalamiko ni neno la kwenye kichwa cha fomu. Mtu ambaye mzigo wake haujafika haandiki "malalamiko", anaandika "haujafika".

Kabla ya kugusa kanuni tena, dada wa dawati alisisitiza wafanye jambo ambalo halikuhitaji mfumo wowote. Kampuni ilikuwa na simu ya wateja iliyojaa meseji, na ukurasa wao ulikuwa na jumbe za faragha za miezi mingi. Hizo zote ni malalamiko ya kweli, yameandikwa na wateja wenyewe kwa maneno yao. Walichukua arobaini bila kuchagua, wakafuta majina na namba za watu, wakayaandika kwenye jedwali, moja kwa mstari. Mbele ya kila moja waliongeza neno jahazi, kwa sababu anayeandika moja kwa moja kwa kampuni hana haja ya kuitaja. Halafu waliyapitisha kwenye kanuni ya zamani, ile sehemu ya maneno tu. Kati ya arobaini, zilipita nne.

Namba hiyo ndiyo iliyokosekana kwenye kikao cha makofi. Kanuni ya kufuatilia ina vipimo viwili. Kimoja ni kati ya arifa zilizoingia, ngapi ni za kweli, na hicho kila mtu hukiona kwa sababu arifa za ovyo humkera. Cha pili ni kati ya malalamiko ya kweli yaliyopo, mangapi yameingia. Hicho hakionekani kamwe ukiwa umekaa mbele ya mfumo, kwa kuwa kilichokosekana hakipigi kengele. Lazima uwe na malalamiko uliyoyapata kwa njia nyingine, simu au dawati au meseji, uyatumie kuujaribu mfumo.

Walipozisoma zile arobaini kwa kalamu mkononi, waligundua kwamba lalamiko la mteja wa vifurushi halikai kwenye sifa kama mbovu au baya. Linakaa kwenye kitenzi kilichokanushwa. Haujafika, sijapata, hampokei, hamjibu. Na hapo Kiswahili kinaleta mtego wake, ambao vitabu vya zana hizi haviugusi. Zana nyingi hukuruhusu kuweka nyota mwishoni mwa neno ili ikamate miisho yote. Kwa Kiingereza inatosha, maana shina la neno linakuja mwanzoni. Kitenzi chetu kinabadilika mwanzoni, ambako nyota kwa kawaida hairuhusiwi, na hata ingeruhusiwa, `*fika` ingekuletea kila mtu aliyefika salama. Hakuna njia ya mkato. Inabidi uandike maumbo yenyewe, moja moja, na ngeli za nomino ndizo zitakazokuambia ni yapi. Mzigo haujafika, mizigo haijafika, kifurushi hakijafika, vifurushi havijafika, boksi halijafika, maboksi hayajafika. Kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua lugha, na hakuna mashine itakayokuonea huruma ukisahau moja.

Kisha kuna tahajia ya simu. Katika zile arobaini, nyingi zilidondosha herufi ya h: aujafika, aijafika, ampokei. Wengine waliandika cjapata. Siku za wiki zilikuwa J3, J4, J5. Vitenzi hivyo viliingia kwenye kanuni kama maneno halali, lakini maneno mawili ya kanuni hiyo yalileta shida ambayo inafaa kuelezwa kwa urefu, maana inaonyesha jinsi kelele inavyopaswa kupunguzwa.

La kwanza ni hamjibu, ambalo bila h huwa "amjibu". Waliliweka kwenye kanuni Jumanne, na saa hiyo hiyo skrini ikajaa siasa. "Waziri amjibu mbunge", "Msanii amjibu mpinzani wake". Ni lugha ya vichwa vya habari, na mara kwa mara jahazi la chama nalo limo humo humo. Kijana alitaka kulifuta neno. Dada alikataa, kwa sababu katika zile arobaini lilikuwemo mara tatu. Walilifunga kwa jirani yake badala ya kulitupa: lihesabike tu likiwa karibu na simu, meseji au sms. Waziri hamjibu mbunge kwa meseji, angalau si kwenye kichwa cha habari.

La pili ni halijafika. Boksi halijafika, sawa, lakini jahazi lenyewe ni la ngeli ile ile. "Jahazi halijafika bandarini" ni habari ya chombo cha baharini. Kwa hiyo halijafika nalo lilipewa sharti lake, liwe karibu na boksi, begi au gunia. Haujafika na hakijafika hayana haja ya sharti hilo, kwa sababu jahazi halisemwi hivyo. Sarufi ilikuwa imewachujia bila gharama.

Kanuni ya dharura ikatoka hivi, na hii ndiyo pekee iliyoruhusiwa kutetemesha simu ya mtu:

```
(jahazi OR jahaz OR "@jina_la_ukurasa")
AND (
  haujafika OR aujafika OR haijafika OR aijafika
  OR hakijafika OR havijafika OR hayajafika
  OR sijapata OR cjapata OR hatujapata
  OR hampokei OR ampokei OR nirudishieni
  OR (halijafika NEAR/8 (boksi OR begi OR gunia))
  OR ((hamjibu OR amjibu) NEAR/5 (simu OR meseji OR sms))
)
```

`NEAR/8` maana yake maneno hayo yasiachane kwa zaidi ya maneno manane. Msomaji makini atauliza kwa nini jina la kampuni na kitenzi havikufungwa kwa `NEAR`, bali kwa `AND` tu, popote ndani ya posti. Walijaribu kwanza `NEAR/10`, na ujumbe wa Mwanza ukakosekana kwa mara ya pili. Hesabu mwenyewe: kutoka "Jahazi" hadi "aujafika" kuna hatua kumi na nane, kwa kuwa katikati kuna vitenge, harusi, mama, siku, Shekilango na Mwanza. Mteja wetu husimulia kwanza, tatizo analitaja mwisho. Umbali mfupi unafaa kwa maneno yenye maana mbili kama amjibu. Kwa jina na tatizo lake unakata hadithi katikati. Na hakuna `NOT` hata moja humu. Mtu akishaandika jina la kampuni pamoja na haujafika, sioni neno lolote duniani linaloweza kuwa sababu ya kutomsoma.

Kwa jaribio la zile arobaini, kanuni hii ilikamata thelathini na moja. Tisa zilizobaki nazo zina la kusema. Nne zilikuwa picha ya risiti na alama za kuuliza tu, na mfumo wao hausomi maandishi yaliyo ndani ya picha. Moja ilisema "mko siriasi kweli?" Zilizosalia zilikuwa maswali matulivu ya namna ya "mzigo wa Mwanza unafika lini?", ambayo hayana ukanushi wowote. Kwa hayo maswali waliandika kanuni ya pili, ya jina pamoja na mzigo, kifurushi, risiti au Shekilango, ambayo haipigi simu. Inakusanya tu, na dada wa dawati anaipitia asubuhi na jioni.

Kanuni ya pili ndiyo iliyoleta kelele ambayo hakuna aliyeitarajia, kwa kuwa haikutoka baharini wala kwenye taarab. Ilitoka kwa wateja wao wenyewe. Wauza viatu na mikoba wa mtandaoni huandika chini ya kila picha: "Tunatuma mikoa yote kwa Jahazi, mzigo unafika siku 2." Jina lipo, mzigo upo, kila kitu kipo isipokuwa shida. Muuzaji mmoja anaweza kuweka picha thelathini kwa siku. Hapa kutupa kuna haki yake, na walitupa mafungu haya:

```
NOT ("tunatuma mikoa" OR "tunatuma mikoani"
     OR "jumla na rejareja")
```

Lakini waliyatupa kwenye kanuni ya pili peke yake. Muuzaji yule yule siku akiandika "tunatuma mikoa yote, ila Jahazi wateja wangu wa Tabora hawajapata mizigo", huyo ni mteja mkubwa kuliko wote, anaongea kwa niaba ya watu kumi. Anapaswa kuingia kupitia kanuni ya dharura, ambako hakuna `NOT` inayomzuia. Na walipomwandika mfano huyo kwenye jedwali lao wakaona kwamba hawajapata haimo kwenye kanuni. Walikuwa na sijapata na hatujapata, hali muuzaji huzungumzia wengine. Waliiongeza siku hiyo, na awajapata pamoja nayo.

Bado kulikuwa na swali la kile kinachotupwa. Kila `NOT` sasa ina mstari wake kwenye jedwali: nani aliiweka, tarehe gani, na posti ipi halisi iliyomfanya aiweke. Ijumaa kijana huiendesha kanuni ya pili kinyume, yaani jina pamoja na maneno yaliyotupwa, anasoma posti hamsini za kwanza bila kuchagua. Akikuta lalamiko moja la kweli humo, fungu lile linafutwa au linaongezewa maneno mpaka liwe jembamba zaidi. Ni kazi ya kuchosha, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu ya mfumo inayostahili mshahara. Kuongeza maneno ya kutupa mtu yeyote anaweza. Kusoma takataka zake mwenyewe kila wiki ndiko wengi wanakoshindwa.

Arifa za dharura sasa ni chache, siku nyingine tatu, siku nyingine kumi na tano. Siku moja ziliingia tisa kabla ya saa nne asubuhi, zote zikitaja Dodoma. Badala ya kujibu mmoja mmoja, dada alimpigia wakala wa Dodoma, akakuta ofisi imefungwa kwa sababu mwenye ufunguo amefiwa. Tangu hapo waliongeza sharti dogo: arifa tatu zenye jina la mji mmoja ndani ya saa mbili zinakwenda kwa msimamizi wa njia, si dawati la wateja.

Mfumo huu hauoni kila kitu, na kijana hujitahidi kumkumbusha meneja jambo hilo kila anapoletewa mchoro. Makundi ya WhatsApp hauyaoni, wala hali za WhatsApp, wala makundi yaliyofungwa ya Facebook, na huko ndiko sehemu kubwa ya maneno ya watu inakopita. Komenti za Instagram huzipata zilizo chini ya picha za ukurasa wa kampuni yenyewe, si zile zilizo chini ya picha ya muuza viatu. Na wapo wasiotaja jina kabisa: "lile basi la bluu la Shekilango limeniletea mzigo umelowa." Kwa hao hakuna kanuni ya jina itakayosaidia. Walichofanya ni kubadilisha risiti. Namba ya zamani, ile ambayo ilikuwa haipokelewi, ilikuwa ya karani aliyeacha kazi. Sasa risiti ina namba mbili za WhatsApp zinazoshikwa kwa zamu, na meseji zote zinazoingia huko hunakiliwa kila mwisho wa mwezi, bila majina, kwenye lile jedwali la majaribio, ambalo mara ya mwisho lilikuwa limepita mistari mia tatu.